Aliyepanda Cheo Juni Apimwe Vipi Desemba?

Tuchukue afisa mikopo wa SACCOS katika mji kama Morogoro. Tangu Januari anapokea maombi, anatembelea biashara za wanachama, anahakiki wadhamini na kufuatilia marejesho. Tarehe 1 Juni anapewa barua ya kuwa meneja wa tawi hilohilo, kwa kuwa meneja wake amehamishiwa makao makuu. Desemba inafika na fomu ya tathmini ni moja. Ina nafasi moja ya cheo, nafasi moja ya malengo na nafasi moja ya alama.

Ofisi nyingi huandika cheo kipya na kumpima kwa malengo ya meneja, kana kwamba alianza nayo Januari. Nyingine humpa alama nzuri kwa sababu kila mtu anakumbuka alivyokuwa hodari kwenye kazi ya awali. Njia zote mbili zinamwonea mtu. Ya kwanza inamwonea yeye, na ya pili inawaonea maofisa walio chini yake, ambao wataendelea kuongozwa na mtu ambaye hakuna aliyemwambia anakosea wapi.

Kazi ya kumpima kwa haki huanza wiki ileile ya barua. Jambo la kwanza ni kufunga tathmini ya kazi ya zamani, naye wa kuifunga ni meneja anayeondoka, kabla hajaondoka. Yeye ndiye aliyeona majalada na kukaa naye kwenye kamati ya mikopo. Akishahamia makao makuu, baada ya miezi sita atakumbuka mambo mawili au matatu tu, na mara nyingi yatakuwa yale ya mwisho. Lengo la mwaka nalo likatwe kwa busara. Kama alitakiwa kutoa mikopo 120 kwa mwaka, hesabu ya haraka itasema mikopo 50 kwa miezi mitano. Lakini Januari ni mwezi wa ada za shule na mahitaji ya mikopo hupanda, na msimu wa kilimo nao una vipindi vyake. Ni sahihi zaidi kuangalia tawi lilitoa mikopo mingapi kati ya Januari na Mei mwaka uliopita, kisha lengo lipangwe kwa uwiano huo.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kuandika hali ya tawi siku ya makabidhiano. Tuseme tarehe 1 Juni tawi lina shilingi milioni 600 mikononi mwa wanachama, na milioni 72 kati ya hizo zina marejesho yaliyochelewa zaidi ya siku 30. Hiyo ni asilimia 12. Makao makuu yanataka kila tawi lisizidi asilimia 5. Desemba tawi lina milioni 640, na mikopo iliyochelewa ni milioni 57.6, yaani asilimia 9. Mpimaji asiye na takwimu za Juni ataona 9 dhidi ya 5 na kuandika kwamba meneja ameshindwa. Mwenye takwimu hizo ataona tawi lililoanza kupona.

Hata hivyo asifurahi upesi. Asilimia hii inaweza kushuka bila deni lolote kulipwa. Tawi likifuta vitabuni milioni 20 za madeni sugu, inashuka. Likiwapangia upya wadaiwa tarehe za kulipa, inashuka. Likimwaga mikopo mipya kwa wingi, inashuka pia kwa muda, kwa sababu mikopo hiyo bado haijapata nafasi ya kuchelewa. Kwa hiyo mpimaji aombe orodha mbili, ya mikopo iliyotolewa kabla ya 1 Juni na ya iliyotolewa baadaye. Ikiwa katika zile milioni 57.6 ni milioni 6 tu zinazotokana na mikopo aliyoipitisha meneja mpya, na zilizobaki ni za zamani, basi hizo milioni 6 ndizo zinazoeleza uamuzi wake. Kwa ile ya zamani anapimwa kwa kiasi cha fedha taslimu kilichorudi.

Mambo huwa magumu zaidi mikopo aliyoitoa mwenyewe alipokuwa afisa inapoharibika baada ya yeye kupanda cheo. Sasa inafuatiliwa na afisa mwingine. Kosa ni la nani? Majalada hutoa jibu. Mkopo ulioshindwa rejesho la kwanza au la pili kwa kawaida ulichaguliwa vibaya: biashara haikutembelewa, au mdhamini alisaini bila kuelewa. Mkopo uliolipwa vizuri miezi minne kisha ukasimama mara baada ya makabidhiano unaashiria ufuatiliaji uliolegea. Ndiyo maana alama ya kipindi cha kwanza inafaa iachiwe nafasi ya kupitiwa tena baada ya miezi michache.

Tarehe ya barua pia haisemi ukweli wote. Nafasi aliyoiacha inaweza kukaa wazi hadi Agosti, na katika miezi hiyo yeye anaongoza tawi huku akibeba wateja wake wa zamani. Hilo liandikwe kwenye fomu, kwa miezi na kwa idadi ya wateja.

Kwenye kazi mpya, miezi mitatu ya kwanza ipewe malengo yake: kupitia majalada ya wadaiwa wakubwa, kukutana na kila afisa, kuelewa bajeti ya tawi. Malengo hayo aelezwe mapema na ayasaini. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinauliza kama mfanyakazi anayedaiwa kushindwa kazi alikijua kiwango alichotakiwa kufikia na kama alipewa nafasi ya kutosha ya kukifikia. Lengo linaloonekana kwa mara ya kwanza Desemba halipiti hapo.

Kisha mpimaji aangalie fedha zilirudije. Mtu aliyepanda kwa uhodari wa kukusanya madeni huendelea kuyakusanya yeye mwenyewe. Anapiga simu, anapanda bodaboda kwenda kwa mdaiwa, na deni linashuka, lakini maofisa wake wanne wamekaa. Takwimu za tawi zitasifu kazi yake ya zamani. Mwaka 2019 Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti kuhusu wauzaji wa kampuni za Marekani, wakaona kwamba waliouza zaidi ndio waliopandishwa zaidi, ilhali mauzo makubwa ya awali yaliashiria umeneja dhaifu zaidi. Kwa hiyo ombeni kumbukumbu za ziara za wadaiwa na mlinganishe marejesho ya kila afisa kabla na baada ya Juni. Kama marejesho ya maofisa hayajasogea, umeneja bado haujaanza.

Mwishoni alama hukutanishwa kwa miezi. Akipata 88 kwa miezi mitano na 61 kwa miezi saba, wastani ni takriban 72. Namba hiyo inafaa kwa bonasi, nayo bonasi ihesabiwe kwa mshahara wa kila kipindi. Kwa uamuzi mwingine wowote haifai, kwa sababu haimwelezi afisa hodari wala meneja anayejifunza. Kumthibitisha kazini, kumpeleka mafunzo, au kumpangia malengo ya mwaka ujao kutumie ile 61 peke yake, pamoja na maelezo ya meneja mkuu aliyemsimamia miezi hiyo saba. Ile 88 ibaki kwenye jalada lake ikiwa na saini ya meneja aliyehama.