Umejifungua? Sikiliza mpigo kabla ya kukimbia
Arobaini imeisha na miguu inakuwasha? Subiri kidogo, dada. Wataalamu wengi hushauri uanze kukimbia baada ya wiki 12 hivi, ukishakaguliwa kliniki.

Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mpigo wa moyo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, uandike. Tuseme kawaida yako ni 68. Ukipata 76 siku tatu mfululizo, mwili bado umechoka: tembea tu.

Mpigo ukitulia, toka alfajiri, maana jua la Garissa pekee hupandisha mpigo. Kimbia dakika moja, tembea mbili, huku mkipiga stori na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo. Mkojo ukivuja, ukihisi uzito ukeni au damu ikirudi, acha, urudi kliniki.