Picha Isiyochakaa: Kuhifadhi Alama ya Mafuriko kwa TIFF na PNG

Mwezi Januari 2014 mafuriko makubwa yaliyakumba maeneo ya Magole na Dumila, wilayani Kilosa. Barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro ilikatika, na watu wengi wakabaki bila makazi. Maji ya namna hiyo yanapopungua huacha kutani mstari mwembamba wa tope. Kwa mpita njia mstari huo ni uchafu tu, lakini kwa mtaalamu wa maji ni kipimo. Kutokana nao hujua maji yalifikia kimo gani, na kwa hiyo daraja linalofuata liinuliwe kiasi gani na nyumba zisijengwe wapi. Bahati mbaya mstari huo haudumu: mvua nyingine huuosha, au mwenye nyumba hupaka chokaa. Baada ya hapo ushahidi unaobaki ni picha.

Siku hizi picha hiyo aghalabu hupigwa kwa simu na kuhifadhiwa katika kompyuta. Watu wengi huamini kuwa picha ya kompyuta haichakai, nao wako sahihi kwa nusu. Faili linaponakiliwa kutoka kifaa kimoja hadi kingine, nakala ya mia huwa sawasawa na ya kwanza. Vilevile, kulifungua na kulitazama tu hakulidhuru. Madhara huanza pale mtu anapoifungua picha, akairekebisha, kisha akaihifadhi tena katika muundo uitwao JPEG. Hapo mambo huwa kama yalivyokuwa kwa kaseti za muziki: nakala ya nakala huwa hafifu kuliko nakala, na nakala ya nne huwa na mvumo mwingi kuliko wimbo.

Kinachopotea ndani ya JPEG

Kiwango cha JPEG kilikubaliwa mwaka 1992 ili kupunguza ukubwa wa mafaili ya picha. Picha hukatwa katika vipande vidogo vya mraba, kila kimoja kikiwa na pikseli 8 kwa 8, yaani nukta 64 za rangi. Nukta hizo hugeuzwa kuwa namba nyingine 64 zinazoeleza jinsi mwanga unavyobadilika ndani ya kipande: baadhi hueleza mabadiliko ya polepole, kama anga linavyofifia, na nyingine hueleza mabadiliko ya ghafla, kama ukingo wa tofali au mstari wa tope.

Mpaka hapo karibu hakuna kilichopotea. Hasara hutokea katika hatua inayofuata. Kila namba hugawanywa kwa namba maalumu iliyomo katika jedwali, na jibu hukadiriwa kuwa namba kamili iliyo karibu. Mabaki hutupwa. Namba za kugawia zinazohusu mabadiliko ya ghafla kwa kawaida hufanywa kubwa, kwa sababu jicho la mwanadamu halitambui sana upungufu wake. Kwa picha ya harusi mpango huo ni wa busara. Kwa mstari hafifu wa tope ni hatari, kwa kuwa mstari huo wenyewe ndio mabadiliko ya ghafla yanayopunguzwa. Tena, programu nyingi huhifadhi rangi kwa uangalifu mdogo kuliko mwangaza, zikizipa nukta nne jirani rangi moja. Tope jekundu juu ya ukuta mweupe hupoteza ukingo wake upesi.

Hesabu ya namba moja

Chukua namba moja tu katika kipande chenye mstari huo, nayo iwe 23. Simu yagawanya kwa 10, yapata 2.3, yaandika 2. Picha ikifunguliwa, 2 huzidishwa kwa 10 na namba husomeka 20. Mtu wa pili aifungua picha, achora mshale pembeni, kisha aihifadhi kwa programu yake inayogawanya kwa 14. Ingawa hakugusa sehemu ya mstari, 20 kugawanya kwa 14 ni 1.43, hivyo huandikwa 1, na namba sasa ni 14. Mtu wa tatu, akitaka kuwa mwangalifu, achagua ubora wa juu unaogawanya kwa 10 kama simu ile ya kwanza. Lakini 14 kugawanya kwa 10 ni 1.4, huandikwa 1, na namba yawa 10. Mtu wa nne aipunguza picha uzito ili aitume, na programu yake yagawanya kwa 21. Jibu ni 0.48, nayo huandikwa 0.

Namba iliyokuwa 23 sasa ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote hubaki sifuri. Mtu wa tatu aliongeza ubora, lakini ubora huo ulihifadhi kwa uaminifu zaidi kitu kilichokwisha punguka, wala haukurudisha kilichotupwa.

Ni kweli kwamba picha isiyobadilishwa, ikihifadhiwa mara nyingi kwa programu ileile na jedwali lilelile, hupoteza zaidi mwanzoni kisha hutulia. Utulivu huo huvunjika mara jedwali linapobadilika, picha inapoongezwa mwangaza au kubadilishwa ukubwa, au ukingo unapokatwa. Kukata pikseli 3 tu upande wa kushoto husogeza vipande vyote vya 8 kwa 8, na ukadiriaji huanza upya.

Miundo isiyopoteza

Muundo wa PNG, uliotolewa mwaka 1996, hupunguza ukubwa kwa njia nyingine. Badala ya kukadiria, huandika tofauti kati ya nukta na jirani yake. Mathalani, safu yenye nukta 120, 121, 121 na 123 yaweza kuandikwa 120, 1, 0, 2. Namba ndogo zinazojirudia hubanwa kwa urahisi, na kwa kujumlisha tena safu ya asili hurudi bila upungufu wa hata moja. Hata ikihifadhiwa mara elfu, nukta ambayo haikuguswa itabaki 120.

TIFF ni muundo wa zamani zaidi, ulioanza mwaka 1986, na ndio unaopendwa na wahifadhi wa nyaraka. Programu ya Maktaba ya Uingereza inayosaidia nyaraka zilizo hatarini, ambayo chini yake miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha, hutaka picha kuu zihifadhiwe kwa TIFF. Hata hivyo TIFF yataka tahadhari moja: ni kama kasha, na ndani yake mbano wa aina mbalimbali waweza kuwekwa, ukiwemo ule wa JPEG. Mtu akiona jina linaloishia `.tif` asitosheke. Achague LZW, ZIP, au kutokuwa na mbano kabisa. PNG nayo yaweza kuhifadhiwa kwa rangi 256 tu, na kufanya hivyo kwa picha ya kamera ni kupoteza.

Gharama ya usalama huu ni nafasi. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12, na kila nukta huhitaji namba tatu za rangi. Bila mbano hizo ni baiti milioni 36, ilhali JPEG ya picha hiyohiyo huwa ndogo mara kadhaa. Ndiyo maana miundo yote miwili hutumika, kila mmoja mahali pake.

Utaratibu wa kazi

Kwanza, faili lililotoka katika simu au kamera huwekwa kando na kufungwa lisiandikwe tena. Hilo ndilo asili. Lifike kwa njia isiyolibadilisha, kama waya au kadi ya kumbukumbu. Likitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa na kubanwa upya, kwa hiyo heri litumwe kama hati.

Pili, nakala ya asili hubadilishwa kuwa TIFF au PNG kabla ya rekebisho lolote. Kwa programu ya ImageMagick, mbano utajwe waziwazi, maana bila hivyo mbano wa JPEG waweza kuendelea ndani ya kasha jipya. Amri ya pili hapa chini huonyesha mbano uliotumika:

```
magick asili.jpg -compress zip kazi.tif
magick identify -format "%C\n" kazi.tif
```

Jibu likiwa `Zip`, kazi yaweza kuanza. Likiwa `JPEG`, hatua hiyo irudiwe.

Tatu, marekebisho yote, yaani kukata ukingo, kuongeza mwangaza na kuchora mshale, hufanywa katika faili hilo la kazi, na kila kuhifadhi huwa kwa muundo uleule.

Nne, inapohitajika picha nyepesi ya kutuma au kuchapa, JPEG hutolewa kutoka faili la kazi kama hatua ya mwisho. JPEG hiyo ni tunda, si mbegu. Akitaka mtu kubadilisha neno moja juu ya mshale, hufungua TIFF, hubadilisha huko, kisha hutoa JPEG nyingine na kuitupa ya zamani. Kwa njia hiyo kila JPEG itumwayo imepitia ukadiriaji mara mbili tu, wa simu na wa mwisho, hata kama picha imerekebishwa mara hamsini.

Kutambua hasara

Picha iliyokwisha chakaa huonekana ikikuzwa mara nne. Miraba midogo hujitokeza katika ukuta uliopaswa kuwa laini, vivuli kama viwimbi huzunguka herufi na kingo, na rangi hutapakaa nje ya mipaka yake. Lakini jicho huchelewa kuona kile ambacho hesabu huona mapema. Ili kuhakikisha kwamba faili la TIFF na la PNG zina nukta zilezile, amri hii huhesabu nukta zinazotofautiana:

```
magick compare -metric AE kazi.tif kazi.png null:
```

Jibu likiwa `0`, hakuna nukta iliyobadilika. JPEG iliyotolewa kutoka faili hilohilo ikilinganishwa nalo, hesabu kwa kawaida huwa kubwa sana, hata pale jicho lisipoona tofauti yoyote.

Mwisho, mpaka wa njia hii ujulikane. TIFF huzuia hasara mpya, lakini hairudishi ya zamani. JPEG iliyopita mikononi mwa watu wanne, ikigeuzwa leo kuwa PNG, itaihifadhi sifuri ile milele. Kwa hiyo anayekusanya picha za mafuriko ya Magole asianze na ile iliyosambaa simu kwa simu. Amtafute aliyeipiga, amwombe faili lenyewe, na aandike kando kimo cha mstari kilichopimwa kwa futi ya seremala, maadamu ukuta bado haujapakwa chokaa.