Saluni Iwe na Mfuko wa Vifaa

Nikipita Kibokoni na Makadara naona wenye saluni wengi hungoja mashine ife ndipo watafute pesa. Nayo hufa usiku wa kuamkia Idi, wateja wamejaa mlangoni.

Hesabu ni nyepesi. Chukua bei ya kifaa kipya leo, si ile uliyonunulia zamani, uigawe kwa miezi kitakayodumu. Tuseme mashine ya kunyolea ni shilingi 6,000 na hudumu mwaka: weka 500 kila mwezi. Draya ya 9,000 ya mwaka na nusu, 500. Kiti cha 36,000 cha miaka mitano, 600. Jumla ni 1,600, kama shilingi 62 kwa siku ukifungua siku 26.

Muda huo usiukisie. Hapa kisiwani upepo wa bahari una chumvi na chuma hushika kutu mapema. Andika tarehe ya kununua chini ya kifaa. Kikifa utajua umri wake wa kweli.

Pesa hizo zitoe kila jioni kabla ya kugawana, uziweke kwenye laini isiyopokea malipo ya wateja. Mashine ikianza kuvuta nywele, badilisha makali kwanza. Ikiunguza mkono na kubadili sauti, hapo fungua mfuko.