Slabu ya Zamani Isiyo na Michoro

Slabu ya zege iliyomwagwa miaka ya 1950 au 1960 mara nyingi hufika mikononi mwa mhandisi bila mchoro hata mmoja. Haijulikani ndani mna nondo za unene gani, zimepangwa kwa nafasi gani, wala chuma chenyewe kina nguvu kiasi gani. Juu yake watu wanaishi, na chini ya dari plasta inadondoka na mistari ya kutu imeanza kujichora. Mwenye nyumba anataka kujua mambo mawili: slabu inabeba kiasi gani leo, na itaendelea kubeba hadi lini. Jaribio la mzigo hujibu swali la kwanza tu. La pili hujibiwa na nondo zenyewe, zikishachimbuliwa na kupimwa.

Kazi huanzia chini ya dari. Mhandisi hupitisha mashine ya kugundua nondo, ambayo huonyesha zilipo na umbali kati yake, na kwa kukisia tu hutaja unene wake. Kwa hiyo zege hubomolewa kwa patasi katika sehemu chache: penye hali mbaya kuliko pote, kwa mfano chini ya bafu, na pengine penye hali nzuri. Nondo husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha hupimwa kwa kalipa pande zote, maana kutu haili sawasawa. Ile iliyo pazuri huonyesha unene wa asili. Iliyo pabaya huonyesha kilichobaki.

Hapa macho hudanganya kwa njia mbili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi 6, hivyo gamba nene linaloogopesha huenda limetokana na upotevu wa chini ya milimita moja. Kinyume chake ni hatari zaidi. Chumvi ikiingia ndani ya zege, ama kwa upepo wa bahari ama kwa mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea, huchimba vishimo vyembamba na virefu kwenye nondo. Kutu yake ni nyeusi, haipasui zege haraka, na dari inaweza kuonekana safi ilhali nondo imekatika nusu. Ndiyo sababu kipimo kinachoingia kwenye hesabu ni cha sehemu iliyoliwa zaidi, si wastani.

Ichukuliwe slabu ya ghorofa ya kwanza katika nyumba ya pwani. Imelala kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3.6, na unene wake ni milimita 125. Zege lina uzito wa kilo 300 hivi kwa kila mita ya mraba, na sakafu ya saruji na vigae huongeza 100. Mhandisi amekadiria kilo 200 kwa watu na vyombo vyao.

Kanuni za Taasisi ya Zege ya Marekani, ACI 318 za mwaka 2014, zinataka uzito wa kudumu uzidishwe kwa 1.15 na wa matumizi kwa 1.5. Jumla inakuwa kilo 760 kwa mita ya mraba. Kwa kuwa kilo 400 zipo tayari, kilo 360 ndizo za kuongezwa. Maji yanafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu kina cha sentimita 1 ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Huzungushwa ukuta mfupi wa tofali, hutandikwa nailoni, na maji hujazwa hadi sentimita 36. Mifuko ya saruji hutumika pia, lakini ikibanana hushikana na kujibeba yenyewe kama tao, mzigo ukaelekea kutani na slabu isijaribiwe kabisa. Lazima iachiwe nafasi kati ya rundo na rundo.

Kwa chumba cha upana wa mita 4, maji hayo ni zaidi ya tani 5. Hakuna mtu anayepita chini yake. Mirunda ya chuma husimamishwa huko kwanza, ikiacha upenyo mdogo ili isiguse slabu wakati wa jaribio ila iidake ikishuka ghafla. Geji huwekwa katikati na karibu na kuta, kwenye jukwaa lisilogusana na slabu.

Maji huingizwa kwa hatua nne, sentimita 9 kila moja, na geji husomwa kila hatua. Kama hatua ya tatu imeibonyeza slabu kupita sana ile ya pili, au geji haitulii, kazi inasimama hapohapo. Mzigo wote ukishaingia huachwa saa 24, kisha maji hutolewa, na baada ya saa 24 nyingine geji husomwa tena. Kwa slabu hii kikomo cha kubonyea ni milimita 5.2. Ikizidi hapo bado inaweza kufaulu, mradi iwe imerudi angalau robo tatu ya kiasi ilichobonyea. Tuseme imebonyea milimita 3.8 na kurudi hadi 0.7, bila ufa mpya. Imefaulu.

Wengi huishia hapa, na hapa ndipo kosa lilipo. Jaribio limethibitisha kwamba slabu inafika kilo 760. Halikusema kama ingevunjika kwenye 770 au 1,200. Jibu la hilo limo kwenye kalipa.

Nondo zake zilikuwa za nusu inchi, milimita 12.7, kila baada ya milimita 150. Kwa chuma laini cha enzi hizo, slabu ikiwa mpya ingebeba takriban kilo 1,200 kwa mita ya mraba, uzito wake ukihesabiwa humo. Sasa kalipa inasoma milimita 11. Unene umepungua kidogo, lakini nguvu hufuata eneo la mkato wa nondo, na eneo limepungua kwa asilimia 25. Uwezo umeshuka hadi kilo 920 hivi. Nondo ikifika milimita 9.8, asilimia 40 ya chuma itakuwa imekwenda na uwezo utakuwa kilo 750. Jaribio lilelile lingefeli.

Umbali kati ya kufaulu na kufeli, basi, ni milimita 0.6 za chuma kila upande. Penye chumvi na unyevu, kutu yenye kasi hula milimita 0.05 kwa mwaka, na kwenye vishimo huenda mbio zaidi. Hiyo ni miaka 12 kwa hesabu ya matumaini. Tena jaribio hilo lilifanyika kwenye chumba kimoja. Vyumba vingine vinaaminika tu iwapo nondo zake zimechimbuliwa na kukutwa hazijaliwa kupita hizi.

Uamuzi wa haki kwa slabu hii ni kwamba inafaa kuishi watu, si kuwekwa ghala wala tangi la maji. Bomba linalovuja bafuni lizibwe kabla ya jambo lolote. Sakafu nzito ikibanduliwa na kuwekwa nyepesi, sehemu ya zile kilo 100 kwa kila mita ya mraba itapunguzwa bila kugusa nondo. Zege lenye chumvi penye vishimo liondolewe na nondo ziongezwe. Kama hilo halifanyiki sasa, sehemu zilezile zifunguliwe na kupimwa tena kabla ya miaka 5 kupita, na cheti cha jaribio kisisomwe kana kwamba hakina mwisho.