Mwalimu Mkuu Ndani ya Sare ya Mtoro

Hadithi za watu kubadilishana miili si ngeni. Mwaka 1882 Mwingereza F. Anstey alitoa kitabu Vice Versa. Humo mna baba ashikaye jiwe la ajabu kutoka Bara Hindi, akamwambia mwanawe kuwa laiti naye angerudi utotoni. Papo hapo akawa mtoto, akapelekwa shule ya bweni, na mwana akasalia nyumbani kwa umbo la baba. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kuwa anayefunzika hasa ni baba. Mwana amepata likizo tu.

Basi anayetunga mchezo wa mwalimu mkuu mkali na mwanafunzi mtoro awape wote wawili kazi. Kanuni ni moja: umbo na sauti hubaki, akili ndiyo ihamayo. Tena asiambiwe mtu jambo, alikute.

Tuwaite Bi. Rukia na Mwanaisha. Jumatatu alfajiri Bi. Rukia aamka mkekani kwa kina Mwanaisha. Mama mtu ametoka kitambo kwenda kuuza mahamri. Bibi aliyepooza aita: aoshwe, alishwe uji, ageuzwe ubavu. Maji hayajatekwa. Afika shuleni saa moja na nusu, na lango hufungwa saa moja.

"Amri ya Bi. Rukia," asema bawabu.

"Bi. Rukia ni mimi!"

"Na mimi ni Liwali. Kaa hapo chini."

Ofisini, Mwanaisha anastarehe kitini. Hakuna uongo umpitao, kwani mwingi ameutunga yeye. Msichana adai ruhusa ya kwenda mazikoni kwa nyanya yake. "Huyu nyanya," amjibu, "muhula huu amezikwa mara tatu."

Kisha aingia mama mmoja, buibui limejaa vumbi. Bintiye hutoka nyumbani na sare kila asubuhi, na leo siku ya nne jirani amwambia hajamwona shuleni. Daftari la mahudhurio lafunguliwa: mwalimu wa darasa ametia alama ya kuwapo siku zote nne. Mwanaisha ajua binti yuko wapi, kwani ni yeye aliyemwonyesha njia ya ufuoni. Hapa watazamaji huacha kucheka, na mtunzi asiwaharakishe.

Baadaye bawabu amleta mchelewaji mbele ya meza. Mwanaisha autazama uso wake mwenyewe, umejaa jasho na madoa ya uji.

Watungaji wengi huharibu papo hapo: machozi, kukumbatiana, msamaha. Mimi nisingefanya hivyo. Zile siku za bibi zilikuwa za haki, lakini za ufuoni hazikuwa na bibi ndani yake. Wakirudi miilini mwao, lango na lifungwe saa ile ile. Ila mezani kwa bawabu pawe na daftari jipya lenye safu ya sababu, na Bi. Rukia alisome mwenyewe kila adhuhuri. Mwanaisha naye apewe barua ya kuitiwa mzazi, aipeleke kwa mkono wake, njia nzima akipitia ufuoni kumtafuta mwenzake.