Kadi ya harusi ikija kama picha

Jumanne jioni shangazi anakutumia kadi ya harusi ya binti yake kwa simu. Si kadi yenyewe, ni picha aliyoipiga kwenye skrini, na kando zake zimekatika. Kabla hujajibu, itazame kwa utulivu. Jina lililoandikwa ni lako? Ni singo au dabo? Sehemu ya chini, ambako kwa kawaida huwekwa namba za majibu na rangi za sherehe, mara nyingi ndiyo inayokatika. Kama kuna ile alama ya mraba ya kuskaniwa mlangoni nayo imekatwa, omba kadi nzima.

Jibu linaweza kuwa hivi:

“Shikamoo shangazi. Kadi ya Jumamosi tarehe 14 nimeipata, hongereni sana. Tutakuja wawili, mimi na mume wangu, kwa kuwa kadi ni dabo. Picha imekatika chini, rangi sijaziona. Ni zipi? Na sisi wa upande wa ukoo tunashona sare, au kila mtu avae lake?”

Kutaja idadi kuna sababu: mpishi hulipwa kwa hesabu ya sahani. Na swali la nguo liulizwe mapema, maana fundi akiletewa kitambaa siku tatu kabla ya harusi, atakukatalia au atakuharibia.

Suala la chakula liandike katika ujumbe wa pili, peke yake. Shangazi hapiki, ataupeleka ujumbe huo kwa kamati, na kamati kwa mpishi. Kwa hiyo uandikwe ueleweke hata kwa asiyekujua:

“Mgeni mmoja ana mzio wa karanga. Akila hata kidogo midomo huvimba na hupumua kwa shida. Tunaomba kujua ni mboga zipi zitakuwa na karanga, na kila chombo kiwe na upawa wake. Hahitaji kupikiwa peke yake. Wali mweupe, kuku wa kuchoma na matunda vinamtosha, mradi havijagusana na karanga.”

Wengi huandika tu “mimi sili karanga”, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpishi anayesoma hivyo anadhani huzipendi, basi atakuambia uchukue kisamvu uziache pembeni. Lakini karanga zilizosagwa zimeshaenea kwenye mchuzi wote, na kupikwa hakuondoi mzio. Upawa uliotoka kwenye kisamvu ukiingia kwenye wali, wali huo nao si salama kwako.

Hata ukijibiwa vizuri, siku yenyewe muulize anayepakua, kwa sababu aliyepika huenda yuko jikoni nyuma. Omba pia upakuliwe mwanzoni, kabla miiko haijaanza kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Na dawa uliyopewa na daktari iwe mkobani, si kwenye gari.