Definitely au definately: jinsi shina finite linavyoamua irabu

Neno la Kiingereza *definitely*, lenye maana ya hakika au bila shaka, lina tahajia moja tu. Umbo *definately*, linaloonekana mara kwa mara katika barua za kuomba kazi, insha za wanafunzi na ujumbe wa simu, ni kosa. Ni kweli kwamba Kiingereza kina maneno ambayo Waingereza huandika hivi na Wamarekani vile. Mwingereza huandika *colour*, Mmarekani huandika *color*. Tofauti hiyo ilitiwa nguvu na Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza cha Marekani mwaka 1828. Lakini hata Webster, aliyekuwa na ujasiri wa kubadili tahajia za maneno mengi, aliliacha *definite* kama lilivyo. Kwa hiyo *definately* haiwezi kutetewa kwa kusema kwamba ni ya Kimarekani au ya Kiingereza cha kisasa. Kamusi za pande zote mbili zinakubaliana kwamba baada ya herufi *n* inafuata *i*.

Kosa linatoka wapi

Anayeandika *a* mahali pa *i* huwa ameandika anachokisikia, na hapo ndipo anapokwama. Katika Kiswahili sikio ni mwalimu mzuri wa tahajia. Lugha ina irabu tano, na kila moja hutamkwa kwa ukamilifu wake popote inapotokea, iwe kwenye silabi yenye mkazo au isiyo na mkazo. Katika neno *kitabu* mkazo uko kwenye *ta*, lakini *i* ya mwanzo na *u* ya mwisho bado zinasikika wazi.

Kiingereza hakiendi hivyo. Silabi yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu, na irabu za silabi nyingine mara nyingi hufifia. Nyingi hugeuka kuwa sauti moja fupi isiyo *a*, wala *e*, wala *i*, ambayo wanaisimu huiita shwa. Herufi yoyote ya irabu inaweza kuificha sauti hiyo, na katika *definite* ndivyo ilivyo. Mkazo upo kwenye silabi ya kwanza, *def*, na irabu mbili zinazofuata hubaki dhaifu. Baadhi ya wasemaji huitamka ya mwisho kama *i* fupi, wengi huitamka kama shwa. Kwa wale wa shwa, hakuna kitu masikioni kinachosema kama iandikwe *i*, *a* au *e*.

Sikio likishindwa, mkono huiga neno jingine linalofanana. Kiingereza kina vivumishi vingi vinavyoishia na *-ate*, kama *private*, *accurate*, *fortunate*, *moderate* na *immediate*. Katika vyote, silabi ya mwisho hutamkwa sawasawa na ile ya mwisho katika *definite*. Vinapopewa kiambishi *-ly* na kuwa vielezi, tunapata *accurately*, *fortunately* na *immediately*, maneno yanayotumika kila siku. Vielezi vya *-itely* ni vichache zaidi. Mwandishi anayekisia hufuata kundi kubwa, na matokeo yake ni *definately*.

Kulivua neno hadi kwenye shina

Njia ya kuondoa ubishi ni kuvua viambishi kimoja kimoja hadi libaki neno linalojulikana. Tuchukue *definately* kama ilivyo katika sentensi ya barua ya kazi: *I will definately attend the interview.* Hatua ya kwanza ni kuondoa *-ly*, ambacho hugeuza kivumishi kuwa kielezi. Kinabaki *definate*. Hatua ya pili ni kuondoa kiambishi awali *de-*. Kinabaki *finate*. Hapo kosa linajionyesha lenyewe, kwa kuwa Kiingereza hakina neno *finate*. Neno lililopo ni *finite*, lenye maana ya kitu chenye mwisho au chenye kikomo, na wanafunzi wa hisabati hukutana nalo wanaposoma seti zenye idadi maalumu ya vitu.

Faida ya *finite* ni kwamba irabu zake hazifichiki. Likisimama peke yake hutamkwa *fainait*, na kila *i* iliyoandikwa inasikika kama *ai* iliyo wazi. Hakuna shwa ya kumchanganya mtu. Baada ya kulitambua, kinachobaki ni kurudisha vipande kwa mpangilio: *de*, kisha *finite*, kisha *ly*. Neno kamili ni *definitely*, na ndani yake *finite* limekaa zima bila kupunguzwa wala kubadilishwa herufi hata moja.

Ufunguo huohuo unafungua maneno mengine mawili yanayokosewa vilevile. *Infinite* ni *finite* lililotanguliwa na kiambishi cha kukanusha, *in-*. Maana yake ni kisicho na mwisho. Matamshi yake yamefifia kama ya *definite*, ndiyo maana wengine huandika *infinate*. *Indefinitely*, yaani bila muda maalumu, nalo limebeba *finite* ileile katikati.

Kwa nini shina lina *i* na si *a*

Si kwa bahati kwamba familia hii ina *i*. Chanzo chake ni Kilatini. Nomino *finis* ilimaanisha mwisho au mpaka, na kitenzi *finire* kilimaanisha kumaliza au kuwekea mpaka. Kutoka hapo likapatikana *definire*, kuweka mipaka ya kitu mpaka kijulikane sawasawa ni kipi. Kitu kilichokwisha kuwekewa mipaka namna hiyo kiliitwa *definitus*. Kiingereza kilichukua umbo hilo na kupata *definite*, na maana ikasogea kutoka “kilichowekewa mipaka” hadi “dhahiri, kisicho na shaka”.

Vitenzi vya Kilatini vilikuwa katika makundi, na kila kundi lilikuwa na irabu yake. Vitenzi vilivyoishia na *-are* vilitoa maumbo ya *-atus*: *separare*, kutenganisha, kilitoa *separatus*, na Kiingereza kikapata *separate*. Vitenzi vilivyoishia na *-ire*, kama *finire*, kwa kawaida vilitoa *-itus*. Hivyo *a* ya *separate* na *i* ya *definite* ni alama za makundi mawili tofauti. Matamshi ya leo yamezifanya zisikike sawa, lakini maandishi yamehifadhi tofauti ya asili.

Asiyejua Kilatini anaweza kupata ushahidi huohuo ndani ya Kiingereza chenyewe, kwa kuita ndugu wa neno. Mkazo wa Kiingereza huhama neno linapobadilisha kiambishi, na silabi inayopata mkazo huitoa irabu yake hadharani. Katika *define*, mkazo uko kwenye *fine*, na *i* inayofuata *f* inasikika kama *ai*. Katika *definitive* mkazo uko kwenye *fi*, na *i* hiyohiyo inasikika tena, safari hii ikiwa fupi. Katika *definition* mkazo umesogea hadi *ni*, na *i* inayofuata *n*, ile hasa inayobishaniwa, inasikika bila utata. Hakuna anayesema *defination* kwa sauti ya *ei* kama ile ya *nation*. Yeyote anayelitamka *definition* sawasawa tayari anajua jinsi ya kuandika *definite*.

Jaribio hili lina nguvu kwa sababu linatoa jibu tofauti kwa maneno ya *-ate*. *Immediately* linafanana sana na *definitely* kwa mlio wa mwisho. Likivuliwa *-ly* na kiambishi *im-*, linabaki *mediate*, kitenzi cha kusuluhisha, ambacho mwisho wake hutamkwa *eit*. Nomino yake ni *mediation*, na *a* inasikika ikiwa na mkazo. *Moderate* lina *moderation*, *separate* lina *separation*. *Climate* halina nomino ya namna hiyo, lakini lina kivumishi *climatic*, ambamo *a* hupata mkazo. Kila neno linajibiwa na ndugu zake, na ndugu wote wa *definite* wanajibu *i*.

Makosa yanayobaki

Kulijua *finite* kunalinda pia herufi ya mwisho ya shina. Wapo wanaoweka *i* mahali pake kisha wakaandika *definitly*, bila *e*. Kanuni ni kwamba *-ly* huanza na konsonanti, hivyo kwa kawaida *e* isiyotamkwa hubaki mbele yake, kama katika *completely* na *safely*. Maneno kama *truly* na *wholly*, ambayo huidondosha, ni machache na hukaririwa. Kosa jingine ni *definetly*, linalomjia kwa urahisi mtu aliyezoea kutamka silabi hiyo *net*. Ukilivua, unabaki na *finet*, ambalo halina maana.

Kosa linalodhuru zaidi ni *defiantly*. Hutokea mara nyingi pale mtu anapoandika *definately* au umbo jingine lisilo sahihi, programu ya kusahihisha tahajia ikapendekeza neno linalokaribiana kwa herufi, naye akalikubali bila kuangalia. Kwa kuwa *defiantly* ni neno halali, mstari mwekundu hutoweka. Lakini maana yake ni kwa ukaidi au kwa kuasi, na linatokana na *defy*, lisilo na uhusiano na *finis*. Mwombaji wa kazi aliyekusudia kusema kwamba hakika atahudhuria usaili atakuwa amemwambia mwajiri kwamba atahudhuria kwa ukaidi. Alama ya kulitambua ni rahisi: ndani ya *defiantly* hakuna *finite*.

Ufunguo wa *finite* una mipaka yake. Unahusu familia ya *finis* tu, na hauwezi kutumika kuhukumu kila neno lenye mlio huo mwishoni. *Opposite* na *composite* huandikwa kwa *-ite* ingawa hayana *finite* ndani yake. Hayo huthibitishwa na *opposition* na *composition*. *Favourite*, ambalo Wamarekani huandika *favorite*, halina ndugu ambaye mkazo wake huiweka *i* hiyo wazi, hivyo tahajia yake haina budi kukaririwa. Kwa *definitely*, *indefinitely* na *infinitely* hakuna haja ya kukariri: *finite* likionekana zima katikati ya neno, irabu ziko sawa.